Mteja Anapojibu "Nitumie Maelezo Zaidi"

"Nitumie maelezo zaidi" ni jibu ambalo kila anayeuza kwa simu au kwa WhatsApp hukutana nalo. Maneno ni matatu tu, na maana zake ni tatu pia. Huenda mteja anakataa kwa adabu, maana wengi huona haya kumwambia mtu "hapana" waziwazi. Huenda bidhaa imemvutia kweli, ila hajui aanzie kuuliza wapi. Au huenda aliyejibu si mwenye fedha: ni meneja, katibu muhtasi au mtoto wa mwenye mali, na anataka kitu cha kumpelekea mkubwa wake.

Kwa kusoma ujumbe peke yake hakuna namna ya kujua ni maana ipi. Kwa hiyo jibu la muuzaji lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kutoa kilichoombwa, na kumfanya mteja ajitambulishe yuko kundi gani.

Makosa mawili ndiyo hutokea zaidi. La kwanza ni kutuma katalogi nzima. Faili la PDF la kurasa 24 linakula bando, maandishi yake hayasomeki kwenye kioo cha simu, na swali la mteja limefichwa katikati ya bidhaa ambazo hazimhusu. Baya zaidi, likishatumwa mazungumzo yamefungwa: mteja kapewa alichoomba, hadaiwi jibu lolote, na muuzaji amebaki na neno moja tu la kurudi nalo, "Umeiona?" Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kumrushia mteja maswali sita kabla ya kumpa chochote. Aliyeomba maelezo akapewa fomu ya kujaza huona ombi lake limekataliwa, naye hunyamaza.

Jibu linalofaa hukaa katikati ya hayo mawili. Linatoa kiini cha habari papo hapo, pamoja na bei. Linauliza swali moja linalojibika kwa namba. Na linamwachia mteja mlango wa kukataa bila aibu.

Chukua mfano wa fundi anayeuza hita za maji za sola, aliyewaandikia gesti moja ya vyumba 14 mjini Njombe, mahali ambapo asubuhi ya Juni mgeni haogi maji ya baridi. Meneja kamjibu: "Nitumie maelezo zaidi." Bei na vipimo vilivyomo humu ni vya mfano. Jibu lake lingeweza kuwa hivi:

"Asante kwa kunijibu, meneja. Kwa kifupi: hita ya lita 300 inatosha wageni 10 kwa siku, kila mmoja lita 30 za maji ya moto. Bei pamoja na kufunga ni Sh 2,400,000. Kuwapashia maji wageni hao kwa umeme hula kama uniti 8 kwa siku. Uniti ikiwa Sh 350, ni karibu Sh 84,000 kwa mwezi. Siku za ukungu jua halitoshi, kwa hiyo hita ina kipashio cha umeme cha akiba. Siku ya kawaida mnalaza wageni wangapi: chini ya 5, 5 hadi 10, au zaidi? Nikijua hilo nitakuambia kama lita 300 ni nyingi au ni chache. Kama jambo hili halimo kwenye mipango ya mwaka huu, niambie tu, si neno."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Bei imetajwa kwa sababu muuzaji anayeficha bei humfanya mteja aogope kwamba ni kubwa kuliko ilivyo. Udhaifu wa hita siku za ukungu umesemwa mapema kwa kuwa mtu wa Njombe anaujua ukungu wake. Asipoambiwa, ataushuku ujumbe mzima. Ujumbe unasomeka bila kufungua faili, na meneja akiutuma kwa mwenye gesti kama ulivyo, unaeleweka bila maelezo ya pembeni.

Swali nalo halikuwekwa kama pambo. Tuseme meneja amejibu, "Kama 6 hivi." Wageni 6 wanahitaji lita 180, kwa hiyo hita ya lita 200 inatosha. Umeme wanaotumia sasa ni karibu Sh 50,000 kwa mwezi. Kwa hita kubwa ya Sh 2,400,000, gharama ingerudi baada ya miezi 48. Kwa ndogo, ikiwa inauzwa Sh 1,800,000, ni miezi 36, na zaidi kidogo ukihesabu siku za ukungu. Jibu la neno moja limebadilisha bidhaa yenyewe. Meneja naye ameona kwamba anayeandikiana naye anapiga hesabu za gesti yake, hasomi karatasi ya kiwandani.

Hapo ndipo makundi matatu hujitenga. Anayejibu namba ana nia. Anayejibu, "Ngoja nimuulize mzee, yuko Dar," ni mtu wa kati, na anachohitaji ni ukurasa mmoja wenye bei, hesabu ya miezi na masharti ya dhamana, ulioandikwa kwa ajili ya mzee, si kwa ajili yake. Anayenyamaza bado hajajulikana. Alama mbili za bluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, hazisemi umepokewaje.

Kwa aliyenyamaza, ufuatiliaji wa mara mbili unatosha. Wa kwanza huja baada ya siku mbili au tatu za kazi, na lazima ulete kitu kipya: picha ya hita iliyofungwa kwenye paa linalofanana na la gesti yake, au hesabu ya hita ndogo zaidi. Ujumbe unaosema "nakukumbusha tu" haumpi mteja sababu mpya ya kujibu. Wa pili huja baada ya wiki moja na hufunga shauri: "Naona kwa sasa si wakati wake, nitaacha kukuandikia. Ukihitaji, namba yangu ni hii." Ujumbe huu mara nyingine ndio hupata jibu, kwa sababu aliyekuwa anaona haya kukataa amerahisishiwa.

Utaratibu huu una mipaka. Ofisi za serikali, shule za mashirika na kampuni kubwa zikiomba maelezo, mara nyingi humaanisha nyaraka hasa: profoma, wasifu wa kampuni, namba ya mlipakodi na leseni. Kuwajibu kwa aya moja ya WhatsApp ni kukosa walichotaka. Hapo swali moja la kuuliza ni, "Profoma iandikwe kwa jina gani?" Asiyekuwa na mpango wa kununua kwa kawaida hana jina la kutoa.

Kinachobaki ni kumbukumbu. Daftari la muuzaji huandikwa tarehe, idadi ya vyumba, namba aliyojibu mteja na sababu aliyoitoa. Gesti iliyokataa mwezi Aprili kwa kuwa inajenga vyumba vipya haikuikataa hita. Imetaja mwezi wa kurudi.