Homa ya Jioni na Kliniki ya Asubuhi

Mtu anayepandwa na homa jioni huenda kliniki asubuhi, na huko kipimajoto kinasoma 36.7. Akiulizwa homa ilianza lini, anasema "ni siku nyingi kidogo". Dawa alizomeza? "Zile nyeupe." Tabibu atafanya nini na majibu hayo?

Daftari la shilingi chache lingemsaidia. Tuseme ni mwanamume mwenye kikohozi kisichoisha, na Jumanne yake imeandikwa hivi: saa 1 asubuhi, 36.8, chai, chapati nusu. Saa 11 jioni, 38.3. Saa 11 na robo, paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500. Saa 12 na nusu, 37.2. Wali kidogo, akaacha. Alilala saa 4 usiku, akaamka saa 8 shuka limelowa jasho, akabadilisha fulana.

Paracetamol hushusha homa kwa saa nne hadi sita hivi. Kwa hiyo ile 37.2 ni kazi ya dawa, haimaanishi kwamba amepona. Lakini asubuhi ya Jumatano joto likiwa chini tena, dawa ilishaisha mwilini zamani. Hapo homa imeshuka yenyewe. Kurasa za wiki mbili zikionyesha mwendo huo huo, pamoja na jasho la usiku na sahani zinazorudi na chakula, tabibu hataishia kwenye kipimo cha malaria. Ataagiza makohozi yapimwe kifua kikuu.

Ndiyo maana joto hupimwa kabla ya kumeza dawa, na saa huandikwa kila mara. Andika "saa 2 usiku", si "2" tupu, maana simu inasema 20:00 na msomaji atachanganyikiwa. Pima mahali pale pale kila siku. Kwapa liwe kavu, mkono ubane mpaka kipimajoto kilie, 37.5 na kuendelea kwapani huhesabiwa homa. Joto la mwili hupanda kidogo jioni hata kwa mzima, basi 37.1 isikutie hofu.

Jina la dawa linakili kutoka kwenye pakiti, na dozi iliyorukwa au kutapikwa iandike vilevile. Usiandike "malaria imerudi", andika ulichokiona. Na daftari linalojazwa Jumapili kwa kukumbuka wiki nzima hujulikana upesi: wino mmoja, na kila jioni 38 kamili. Siku uliyosahau iache wazi.

Homa mpya ipimwe malaria siku hiyo hiyo au kesho yake. Daftari liendelee huku unatibiwa. Shingo ikikakamaa, mgonjwa akipata degedege, akipumua kwa shida, akianza kuweweseka au akishindwa hata kunywa maji, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, daftari liwe limejazwa au halijajazwa.