Mtoko wa Pantoni kwa Meseji Moja

Meseji inayoharibu mitoko mingi ya wanafunzi ni fupi sana: "Tutoke basi siku moja." Anayeipokea anabaki na maswali asiyoweza kuyauliza bila kuona aibu. Tutoke wapi? Nani analipa? Nitarudi hosteli saa ngapi? Kama bumu limeisha, anaogopa kupelekwa mahali ambapo soda moja inakula pesa ya chakula cha kutwa. Kwa hiyo anajibu "poa, tutapanga," na mambo yanaishia hapo.

Dawa yake ni kutuma wazo lililokwisha kukamilika, ambalo mwenzako anaweza kulikubali au kulikataa palepale. Nitachukua mfano wa Dar es Salaam, wa wanafunzi wawili wa Mlimani waliozoeana darasani ila hawajawahi kutoka pamoja. Mmoja wao ametoka bara na hajawahi kuvuka maji kwenda Kigamboni. Mwenzake anamwandikia hivi:

"Mambo! Ulisema hujawahi kupanda pantoni. Jumamosi hii twende? Tukutane saa 9 alasiri kituo cha mwendokasi Kivukoni, tuvuke Kigamboni. Tukifika kila mmoja ana buku mbili tu, anamnunulia mwenzake kitu cha kula anachodhani hajawahi kuonja. Saa 11 na nusu tuwe tumesharudi upande wa mjini. Nauli ya kufika Kivukoni kila mtu ajilipie, pantoni juu yangu. Kuna kitu huli? Ukitaka kuja na rafiki ni sawa kabisa. Na kama una test au hujisikii, niambie tu, hakuna neno."

Ni meseji ndefu kidogo, lakini kila sentensi inajibu swali ambalo lingekuwa kikwazo. Inaanza na kitu alichokisema mwenyewe, hivyo anajua kwamba alisikilizwa na kwamba mwaliko huu haukutumwa kwa watu watano kwa mpigo. Inataja siku, saa na mahali pa kukutania. Inataja saa ya kumaliza, jambo ambalo wengi hulisahau, ingawa anayekaa hosteli yenye geti hulipima kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Tupige hesabu. Mwenye mkopo wa Bodi hupata posho ya chakula na malazi ya shilingi 10,000 kwa siku. Kutoka Mlimani unapanda daladala mpaka Ubungo, kisha mwendokasi mpaka Kivukoni. Ukitenga 3,000 kwa kwenda na kurudi, inatosha. Pantoni ni shilingi 200 kwa mtu anayevuka kwa miguu, yaani 400 kwenda na kurudi. Weka na buku mbili za mchezo. Jumla haifiki 5,500 kwa mtu mmoja, na aliyealika anaongeza 400 za kumvusha mwenzake. Hakikisha tu N-Card yako ina salio kabla ya kufika getini, kwa sababu kuhangaika na kadi wakati foleni inasukuma nyuma yako ni mwanzo mbaya.

Buku mbili ndizo zinazoufanya mtoko uwe mtoko. Bila mchezo ule mngevuka, mkatazama maji, mkarudi mkiwa mmeishiwa maneno. Kwenye vibanda na meza za upande wa Kigamboni kuna mihogo, karanga, korosho, matunda, kahawa na kashata. Mnapeana robo saa, kila mmoja anazunguka kivyake bila kutoka eneo hilo la wazi, kisha mnakutana na kueleza kwa nini mmechagua mlichochagua. Aliyekulia Mbeya anaweza kushangazwa na kashata; aliyekulia Tanga atatafutiwa kitu kingine. Maongezi yanazaliwa hapo: nyumbani mlikuwa mnakula nini, nani alikuwa anapika. Kikomo cha buku mbili kinalinda heshima ya wote wawili, maana hakuna anayeweza kujionyesha kwa pesa na hakuna anayebaki na deni. Swali la "kuna kitu huli" si la adabu tu. Wapo ambao karanga chache zinawapeleka hospitali.

Saa nazo zimechaguliwa kwa sababu. Siku za kazi jioni pantoni hufurika watu wanaorudi Kigamboni, na Jumapili jioni hufurika wanaotoka ufukweni. Katika msongamano kama huo simu hutoka mfukoni bila mwenyewe kujua. Dar jua huzama baada tu ya saa 12 jioni, hivyo ukirudi saa 11 na nusu bado kuna mwanga wa kutosha kufika kituoni. Acha pia nafasi ya kuchelewa, kwa kuwa chombo kimoja kikiwa matengenezoni foleni hurefuka. Halafu eneo lile liko jirani na Ikulu na bandari; muulize mlinzi kabla ya kuanza kupiga picha.

Usalama naupa uzito zaidi kama mmejuana mtandaoni tu. Hapo ongeza simu ya video ya dakika chache kabla ya siku yenyewe, ili ujue kwamba sura na sauti ni za mtu mmoja. Mwambie mwenzako wa chumbani unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. WhatsApp inakuruhusu kumtumia mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Kwa mtoko huu chagua saa 8. Kila mmoja aje kivyake na abaki na nauli ya kurudi ambayo haiguswi, ili akitaka kuondoka katikati asimtegemee mtu.

Dalili mbaya huonekana mapema kwenye meseji. Anayesema "tupitie kwanza geto nichukue chaji" anahamisha mkutano kutoka mbele za watu kwenda mlango unaofungwa, na kwa mara ya kwanza jibu ni hapana. Vivyo hivyo anayebadilisha mahali dakika za mwisho, au anayekasirika ukitaja rafiki. Upande wa pili kuna anayeomba atumiwe nauli kwanza, kisha simu haipatikani. Ndiyo maana meseji yetu imeliweka suala la nauli wazi tangu mwanzo, ili lisizuke kama ombi asubuhi ya Jumamosi.

Kipindi cha masika ongeza sentensi moja: "Mvua ikinyesha, tuahirishe hadi Jumamosi ijayo." Kuvuka bahari mvua ikipiga, mmelowa na mmebanana, hakumfurahishi mtu, na ukishapanga mapema hakuna atakayedhani amekimbiwa.

Baada ya kutuma, soma jibu jinsi lilivyo. "Jumamosi siwezi, Jumapili je?" ni ndiyo iliyohamishwa siku, kubali, ila sogezeni muda uwe asubuhi, kabla msongamano haujaanza. "Nitaangalia" isiyofuatwa na kitu mara nyingi ni hapana ya mtu mpole. Akiwa kimya, kumbusha mara moja Ijumaa mchana: "Kesho bado tupo, au tuiache?" Akinyamaza tena, usipige simu, usimtume rafiki yake, wala usimuulize kwa nini tiki zimekuwa za bluu. Mkikutana darasani Jumatatu, msalimie kama kawaida.