Tone la Mafuta Kwenye Lenzi ya Hadubini

Lenzi ndefu kuliko zote kwenye hadubini ya maabara, ile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria, huandikwa ubavuni namba mbili: 100 na 1.25. Namba ya kwanza ni mara ambazo lenzi hukuza. Ya pili hupuuzwa na wengi, lakini ndiyo inayoamua kitakachoonekana. Inaitwa NA, na hueleza upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea kutoka kwenye slaidi.

Mwanga ukipita kwenye kitu chenye umbo dogo sana hutawanyika, na kadiri umbo linavyokuwa dogo ndivyo mwanga unavyotupwa pembeni zaidi. Lenzi isiyoudaka mwanga huo wa pembeni haina habari ya umbo lenyewe. Hata picha ikikuzwa mara elfu nyingine, kilichopotea mlangoni hakirudi. Kinachoongezeka ni ukungu tu. Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni Ernst Abbe, mwanafizikia aliyefanya kazi na Carl Zeiss katika mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1873.

Hesabu yake ni fupi: NA = n × sin θ. Herufi θ ni nusu ya pembe ya koni ya mwanga, na n ni kipimo cha jinsi kitu kilicho kati ya slaidi na lenzi kinavyopinda mwanga. Kwa hewa n ni 1, kwa kioo ni takriban 1.52. Kwa kuwa sin θ haiwezi kuzidi 1, lenzi inayofanya kazi hewani haiwezi kuvuka NA ya 1, na kwa vitendo huishia 0.95.

Kizuizi kiko pale mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani. Mwale unaosafiri ndani ya kioo ukiinama zaidi ya nyuzi 41 hivi kutoka wima hautoki kabisa: uso wa kioo huurudisha ndani kama kioo cha kujitazamia. Hapo ndipo mafuta yanapofaa. Mafuta ya hadubini yana n ya takriban 1.515, karibu sawa na kioo, kwa hiyo mwale hupita kutoka slaidi hadi lenzi kana kwamba hakuna mpaka. Lenzi yenye NA ya 1.25 huweza kudaka mwale ulioinama hadi nyuzi 55 au 56. Zamani yalitumika mafuta ya mwerezi. Siku hizi mengi hutengenezwa kiwandani.

Tofauti yake hupimika. Umbali mdogo kabisa ambao nukta mbili bado huonekana mbili hukadiriwa kwa 0.61 × λ ÷ NA, ambapo λ ni urefu wa wimbi la mwanga. Kwa mwanga wa kijani ni mikroni 0.55, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Lenzi kavu ya 40 yenye NA ya 0.65 hutoa mikroni 0.52. Lenzi ya mafuta hutoa 0.27, karibu nusu yake. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi, na pete changa ya kimelea cha malaria huwa takriban sehemu ya tano ya upana huo. Kwa lenzi kavu, ukingo mwembamba wa pete hiyo na nukta yake huelekea kuungana kuwa doa moja, na doa linaweza kuwa uchafu wa rangi. Kwa mafuta, pete na nukta hujitenga.

Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Kondensa, ile lenzi iliyo chini ya slaidi, ikishushwa au kiwambo chake kikifungwa mno, mwanga unaofika ni wa koni nyembamba na uwezo wa lenzi hupungua. Kiputo cha hewa ndani ya mafuta huleta ukungu ambao hauondoki kwa kuzungusha skrubu. Ili kukithibitisha, lenzi ya jicho huondolewa na kutazamwa ndani ya bomba: kiputo huonekana kama duara jeusi. Dawa yake ni kufuta na kudondosha tone jipya. Kosa la kawaida zaidi ni kuirudisha lenzi ya 40 juu ya slaidi yenye mafuta; ikichafuka, kila kitu huonekana kama kimepakwa maziwa hadi ifutwe kwa karatasi ya lenzi.

Lenzi bora za mafuta hufika NA ya 1.4 au zaidi kidogo, na hapo mwanga wa kawaida hukomea kwenye mikroni 0.2 hivi. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa takriban mikroni 0.12, ndiyo maana umbo lake halionekani kwa hadubini hii hata mafuta yawe safi kiasi gani.