Nati 5,000 au 5,090? Hesabu ya mizani huharibikia kwenye sampuli

Ghala la vipuri linapopokea shehena ya nati, skrubu au washa, hakuna anayekaa kuzihesabu moja moja. Mhudumu huchukua nati 10, huziweka juu ya mizani ya kuhesabia, na kuiambia mizani kwamba hizo ni 10. Mizani hugawa uzito kwa 10, hupata uzito wa nati moja, na kuanzia hapo kila kinachowekwa juu yake hugawanywa kwa uzito huo. Likimiminwa boksi zima, kioo huandika 5,000 na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Namba hiyo haina nukta wala alama ya shaka, hivyo huaminiwa kama iliyohesabiwa kwa kidole. Kumbe ni makadirio, na ubora wake uliamuliwa mapema, pale zilipowekwa zile nati 10 za mwanzo.

Tuchukue nati za ukubwa wa M6, ambazo moja huwa na takriban gramu 2.5. Tuseme hizi zetu zina wastani wa gramu 2.443, na mizani yetu inabeba kilo 30 na kusoma kwa hatua ya gramu 1. Nati 10 zina gramu 24.43, lakini mizani haioni sehemu ya gramu, hivyo husoma 24. Uzito wa nati moja unakuwa gramu 2.4. Boksi lenye nati 5,000 kamili lina gramu 12,215. Ukigawanya kwa 2.4 unapata 5,090. Nati 90 zimezaliwa kwenye kioo, na hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Sasa turudie kwa sampuli ya nati 100. Uzito ni gramu 244.3, mizani inasoma 244, nati moja inakuwa gramu 2.44, na boksi lile lile linatoa 5,006. Mizani haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba ile nusu gramu ambayo mizani inaweza kuikosea imegawanywa kwa nati 100 badala ya 10.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba mizani yake imekaguliwa na ina stika ya Wakala wa Vipimo, kwa hiyo hana sababu ya wasiwasi. Stika hiyo ina thamani yake, lakini inathibitisha uzito, haithibitishi idadi. Katika mfano wetu mizani haikukosea popote: kusoma 24 badala ya 24.43 ni haki yake, kwa sababu hatua yake ni gramu 1. Kosa lilitoka kwa aliyeiomba ipime kitu kidogo kupita uwezo wake, kisha akazidisha jibu hilo mara mia tano. Mizani yenye hatua ndogo zaidi inapunguza tatizo hili, ila haimalizi mambo, kwa sababu nati zenyewe hazilingani.

Kiwanda hakitoi nati mbili zenye uzito uleule kabisa. Tuseme hizi zetu zinatofautiana kwa asilimia 1, yaani kama theluthi mbili yao ziko ndani ya asilimia 1 juu au chini ya wastani. Wengi hujipoza kwa hoja kwamba nyepesi na nzito zitafutana katika boksi kubwa. Hoja hiyo ni kweli kwa boksi: katika nati 5,000 tofauti hizo hufutana kiasi kwamba zinachangia kosa lisilofika nati moja. Lakini sampuli ya nati 10 haina wingi wa kufuta chochote. Kosa la wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, hivyo asilimia 1 kwa nati 10 inabaki kama asilimia 0.32, na katika boksi la 5,000 hiyo ni nati 16 hivi, juu au chini, na wakati mwingine mara mbili yake. Kwa sampuli ya 100, kosa hilo linashuka hadi nati 5. Boksi likizidi kuwa kubwa, kosa la sampuli halifutiki, bali linakua pamoja nalo.

Lipo pingamizi la haki: nani ana muda wa kuhesabu nati 100 kwa mkono kila shehena inapoingia? Hakuna haja. Hesabu 10 kwa uangalifu, kisha ongeza kwa kukadiria hadi kioo kisome kama 20, na uiambie mizani ipange upya uzito wa nati moja kwa idadi hiyo. Mizani nyingi za kuhesabia zina kitufe cha kazi hii. Endelea hadi 40, hadi 80, hadi 160. Kwa nati zetu, mizani iliyoanza na gramu 2.4 inaishia kwenye 2.444, na boksi la 5,000 linasomeka 4,998. Sharti ni moja: usiruke zaidi ya mara mbili kwa hatua. Idadi ya njiani ni sahihi pale tu kosa lililokusanyika likiwa chini ya nusu nati, ili mizani iangukie kwenye namba kamili iliyo sawa. Ukiruka kutoka 10 hadi 100, uzito wa 2.4 utakupa 102, na kosa hilo utalibeba hadi mwisho.

Hata hivyo, kuna kosa ambalo ukubwa wa sampuli hauligusi: uzito wa kitu chenyewe ukibadilika. Mwaka 1982 Marekani ilibadilisha senti yake kutoka aloi ya shaba yenye gramu 3.11 kwenda zinki iliyopakwa shaba yenye gramu 2.5. Kilo moja ya senti za zamani ni 321, ya mpya ni 400, na kwa macho zinafanana. Uingereza ilipobadili peni yake kuwa ya chuma mwaka 1992, iliifanya nene kidogo ili uzito ubaki gramu 3.56. Watengenezaji wa nati hawana sababu ya kukufanyia hisani hiyo. Toleo jipya lenye tabaka nene zaidi la zinki, au lenye mafuta mengi, likizidi la zamani kwa asilimia 1, uzito uliohifadhiwa kwenye mizani tangu mwezi uliopita utakuongezea nati 50 katika kila 5,000. Boksi tupu nalo lina lake: la plastiki likizidi mwenzake kwa gramu 20, umeshahesabu nati 8 za hewa.

Je, basi turudi kuhesabu kwa mkono? La. Mtu anayehesabu nati 5,000 huchoka na kukosea, tena bila mpangilio unaoweza kupimwa. Mizani ina faida kwamba kosa lake linajulikana na linaweza kudhibitiwa. Chukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za boksi, pima upya kila toleo linapobadilika, pima kila boksi tupu peke yake, kisha hesabu kwa mkono nati 200 kutoka upande mwingine na uone kama mizani inakubali. Ikitoa 203, uzito wa sampuli si wa boksi hilo. Na kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo au kumtuhumu mtunza ghala kwa upungufu wa nati 30, uliza kwanza sampuli ilikuwa ya nati ngapi. Jibu likiwa 10, upungufu huo haujathibitishwa.