Kwa Nini Kiungo cha Faili Hukatika

Wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Ndera, Kigali, tuliwatumia kiungo cha zoezi la ngeli. Siku ya pili kiligoma. Tulikuwa tumesahihisha PDF hiyo, tukafuta ya zamani katika Google Drive, kisha tukapakia mpya yenye jina lile lile.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kiungo hufuata jina. Hufuata utambulisho, yaani zile herufi na tarakimu zilizo baada ya `/d/` katika anwani. Faili mpya hupewa utambulisho mpya. Kwa hiyo kubadili jina au kuhamishia faili folda nyingine hakukati kiungo. Ila kama ruhusa ilitoka kwenye folda ya kwanza, msomaji ataambiwa aombe ruhusa: kiungo ni kizima, mlango ndio umefungwa.

Tuliirudisha faili ya zamani kutoka `Trash`, ambako hukaa siku 30. Kisha tukaibofya kwa kitufe cha kulia, tukachagua `File information`, halafu `Manage versions`, tukapakia sahihisho kwa `Upload new version`. Kiungo kile kile cha Ndera kikafungua zoezi lililosahihishwa.