Paa Linalosukuma Ukuta

Mwalimu mkuu alikuwa na hakika kwamba msingi umetitia. Alituonyesha ufa kwenye darasa la mwisho, ghorofa ya juu, uliopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini ya slabu ya paa. Tukatembea hadi ncha ya pili ya jengo, mita 48, tukakuta ufa mwingine kama ule, ila umelalia upande wa pili. Madarasa ya katikati yalikuwa mazima, na ghorofa ya chini haikuwa na hata mkwaruzo.

Msingi unapotitia, mara nyingi ufa huanzia chini. Nyufa zilizokaa ghorofa ya juu peke yake, kwenye ncha zote mbili, zinazopungua kadiri unavyoshuka, zinatoka paani. Ukitazama vizuri kwenye jengo la namna hiyo utaona pia ufa wa kulala, mwembamba, pale ukuta unapokutana na slabu. Huo ndio mstari ambao paa linateleza juu ya ukuta.

Zege hutanuka likipata joto na kujikunja likipoa. Kipande cha mita moja kikipanda nyuzi moja ya joto hurefuka kama milimita 0.01 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini paa la shule ile lilikuwa la zege tupu lililopakwa lami nyeusi, katika mji wa pwani. Alfajiri slabu ile huwa na nyuzi ishirini na kitu. Alasiri uso wake unaunguza kiganja, na hata ukichukua wastani wa unene wote, tofauti ya nyuzi 20 kwa siku si ya kushangaza. Zidisha kwa mita 48: paa linarefuka karibu milimita 10. Katikati halisogei, kwa hiyo kila ncha inasukumwa nje karibu milimita 5. Kuta zilizo chini yake zimo kivulini, hazirefuki kiasi hicho. Tofali haliwezi kunyooshwa milimita 5 likabaki zima, na kwa kuwa mwendo mkubwa uko kwenye ncha, ndiko darasa la mwisho linakopasuka.

Dawa yake inajulikana: mwanya wa kutanukia. Paa refu hugawanywa, kila kipande kikabaki na mwendo wake mdogo. Kwa slabu isiyofunikwa, iliyo wazi kwa jua letu, mimi huweka mwanya kila mita 25 hadi 30. Paa lililofunikwa vizuri kwa tabaka la kuzuia joto linaweza kufika mita 45. Jengo lenye umbo la L lina mahali pake pa lazima, nako ni pale mabawa mawili yanapokutana, kwa sababu kila bawa linatanuka kuelekea upande wake.

Jambo lililotushangaza pale shuleni ni kwamba mwanya ulikuwapo. Kwenye michoro ulionekana katikati kabisa, upana wa milimita 25, ukiwa na nguzo pacha na boriti pacha ili kila nusu ya jengo isimame kwa miguu yake. Nguzo zile zilijengwa. Kisha, wakati wa kumwaga tabaka la saruji la kutengenezea mteremko juu ya slabu, mtu akaona pengo na akaliziba. Fundi mwingine akaja kujenga parapeti, akaipitisha moja kwa moja juu ya mwanya ili ipendeze, akapiga lipu, rangi ikafuata. Nusu mbili zilipotaka kutanuka zikakutana na saruji ngumu, na mita 24 mara mbili zikarudi kuwa mita 48.

Mwanya lazima ukate kila kitu kilicho juu ya msingi: slabu, tabaka la mteremko, tabaka la kuzuia maji, parapeti, kofia ya parapeti, lipu, hata vigae. Msingi wenyewe unaweza kubaki mmoja. Nondo isivuke hata moja. Chochote kinachounganisha pande mbili kitapasuka, au kitapasua jirani yake.

Parapeti inahitaji uangalifu zaidi ya slabu. Jua linaipiga ubavu mmoja asubuhi na wa pili jioni, na kichwani mchana kutwa. Juu yake hakuna uzito wa kuibana. Ndiyo maana inapasuka hata juu ya paa fupi, na kwenye kona utaona imesukumwa ikachungulia nje ya ukuta wa chini. Mwanya wa slabu lazima uendelee wima hadi juu ya kofia, kisha parapeti ya matofali ya saruji iongezewe mianya yake midogo ya milimita 10 hadi 12, kila mita 4 hivi, na wa karibu zaidi usiwe mbali na kona kuliko mita 2. Vipande vifupi hivyo vinaweza kuangushwa na upepo, kwa hiyo kila kimoja kishikwe na vijinguzo vya zege vilivyofungwa kwenye boriti ya paa.

Maji ndiyo yanayowatia watu hofu, nayo ndiyo yanayowafanya wazibe. Kupaka silikoni kwenye mwanya wa paa usawa wa sakafu hakutoshi. Dawa nyingi za kuziba huvumilia kunyooka au kubanwa robo ya upana wake, yaani kama milimita 6 kwa mwanya wa milimita 25, na zege changa peke yake linaweza kusinyaa na kuula uvumilivu huo kabla jua halijaanza kazi. Njia ya kuaminika ni kuinua kingo mbili za zege, moja kila upande wa mwanya, zenye kimo cha milimita 150 juu ya uso wa paa. Tabaka la kuzuia maji lipande juu ya kila ukingo. Kati yake ukanda laini ulale ukiwa umelegea kama bembea, na juu yake kofia ya bati iliyofungwa skrubu upande mmoja tu. Upande wa pili iteleze. Mteremko wa paa nao uanzie kwenye kingo hizo, upeleke maji mbali nazo.

Kwenye uso wa wima wa parapeti dawa ya kuziba inafaa. Kwanza ingiza kamba ya sponji, ili dawa ishike pande mbili tu isigande nyuma, na kina chake kiwe nusu ya upana. Ipakwe asubuhi ya katikati, saa tatu au saa nne, wakati mwanya haujafunguka sana wala haujabanwa.

Shuleni tulichimbua saruji yote kwenye mwanya na kuikata parapeti kwa msumeno wa diski, jambo lililowezekana kwa sababu nguzo pacha zilikuwapo. Pasipo nguzo hizo, kukata slabu ni kuiangusha, na kazi inakuwa ya mhandisi kabla ya fundi. Nyufa za madarasani hatukuzigusa. Tuliweka alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, tukapima umbali wake saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwa wiki mbili. Tofauti ilipokuwa ndogo kuliko tulivyoweza kupima kwa rula, ndipo tukamruhusu fundi wa lipu apandishe ngazi.