Aqua au Vitz? Hesabu ya Betri Iliyo Chini ya Kiti

Ukiwauliza madereva wa teksi wa Nairobi kuhusu Toyota Aqua, watakuambia mambo mawili: gari hilo halili mafuta, na siku betri yake ikifa utalia. Yote mawili ni kweli. Swali ni lipi linalifidia lingine, na jibu linategemea kilomita unazoendesha na mahali unapoziendesha.

Aqua ni haibridi: ina injini ya petroli ya lita 1.5 pamoja na mota ya umeme. Kwenye foleni injini huzima na mota ndiyo inayosukuma gari polepole. Ukikanyaga breki, sehemu ya nguvu ya mwendo hugeuzwa umeme na kurudishwa kwenye betri. Foleni ya Waiyaki Way jioni, inayomtafuna mwenye Vitz, ndiyo inayomfaidi mwenye Aqua. Kwa dereva anayekwenda Nakuru kila siku bila kusimamasimama, faida hiyo hupungua sana.

Tufanye hesabu ya mfano. Dereva anaendesha kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 3,900. Tuseme petroli ni shilingi 180 kwa lita, Vitz inakwenda kilomita 13 kwa lita mjini na Aqua kilomita 20. Vitz itakunywa lita 300, shilingi 54,000. Aqua itakunywa lita 195, shilingi 35,100. Zinabaki shilingi 18,900 kila mwezi. Sasa tuseme Aqua ilimgharimu shilingi 100,000 zaidi, na betri kamili pamoja na ufundi ni 150,000. Fedha hizo zote zitarudi katika miezi 13 hivi. Lakini mwenye kuendesha kilomita 1,000 tu kwa mwezi ataokoa chini ya shilingi 5,000, na atasubiri zaidi ya miaka minne. Huyo abaki na Vitz yake.

Hatari iliyobaki ni ya wakati. Betri ikifa mwezi wa tatu, kabla hujaokoa kitu na mkopo wa gari ungali unadai, hesabu nzuri ya mwaka haikusaidii. Ndiyo maana hali ya betri siku ya kununua ina uzito kuliko bei yake.

Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Aqua nyingi zilizo barabarani zina moduli 20 za nikeli, za volti 7.2 kila moja, zilizounganishwa mfululizo kufikia volti 144. Kwa mpangilio huo, moduli moja ikidhoofika huzivuta zote chini. Dalili huanza mapema: vijiti vya chaji kwenye dashibodi hupanda na kushuka haraka, injini huwaka mara kwa mara hata kwenye foleni, feni ya nyuma huvuma, na matumizi ya mafuta huongezeka. Mwishoni taa ya onyo huwaka, na mashine ya fundi husoma P0A80.

Kabla ya kulipa, nenda na fundi mwenye mashine hiyo, mpande mlima huku akitazama volti za vifungu vya betri. Vikishuka pamoja na kupanda pamoja, ni dalili nzuri. Kimoja kikizama peke yake, punguziwa bei ya betri nzima au ondoka. Usitegemee kilomita zinazosomwa kwenye dashibodi, kwani hurudishwa nyuma.

Adui mkubwa wa betri hii ni joto. Hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba tundu hilo, au abiria akilifunika kwa begi, betri hujipika. Dereva wa Mombasa anayezima kiyoyozi ili aokoe mafuta huilisha betri hewa ya moto mchana kutwa. Anaokoa kidogo huku anaharibu kikubwa. Safisha feni na tundu lake kila unapofanya sevisi.

Fundi atakayekuambia abadilishe moduli moja tu kwa bei nafuu hakudanganyi, gari litatembea. Lakini zilizobaki zina umri uleule, na kuna uwezekano mkubwa urudi kwake baada ya miezi michache kwa ajili ya jirani yake. Kwa gari la teksi, kila siku ya gereji ni siku bila mapato. Ningenunua pakiti nzima yenye dhamana iliyoandikwa.

Na kama gari si lako? Ukimpa mwenye gari malipo ya kila siku na kujinunulia petroli, akiba ya mafuta ni yako ilhali betri ni yake. Wenye magari wanalijua hilo, hivyo wengine hupandisha malipo ya haibridi, na baadaye humdai dereva betri ikifa. Kabla ya kupokea ufunguo, andikianeni nani atalipia betri, nani atasafisha feni, na siku gari likiwa gereji malipo ya siku yatadaiwa au la.